Hongera Isiyo na Alama ya Kuuliza

Rafiki akikutumia ujumbe kwamba amechumbiwa, anachokuomba ni kidogo: ufurahi naye. Hajaomba ushauri, hajaitisha kikao cha kupanga sherehe, wala hajajiandaa kuhojiwa. Lakini angalia majibu yanayommiminikia saa ile ile. Harusi lini? Ni yule yule? Wazazi wamesemaje? Mtaishi wapi? Neno la hongera lipo, ila limetangulia mbele kama mtu aliyetumwa kubisha hodi ili wapekuzi waingie nyuma yake.

Msimamo wangu ni mkali kidogo: hongera ya kwanza isiwe na alama ya kuuliza hata moja. Nasema ya kwanza, kwa sababu mazungumzo yatakayofuata ni jambo jingine. Na sisemi kwamba wanaouliza wana nia mbaya. Wengi wao wanapenda kweli, ila furaha ikiwazidi kipimo inawatoka kwa sura ya maswali, kwa kuwa swali ndilo jambo rahisi kuliko yote kuandika mtu asipojua la kusema.

Tuchukue mfano wa kubuni, ambao mwenye simu yoyote ameshauona wa namna yake. Mwanamke tutakayemwita Zuhura anamwandikia rafiki yake: “Mwenzangu, nina habari. Jana jioni Hamisi ameniomba tuoane, nimekubali. Tangu asubuhi natabasamu peke yangu tu. Nimetaka wewe ujue mapema.”

Rafiki anajibu: “Weee! Hongera sana! Hata sisi tulishaanza kukata tamaa! Haya lete habari, harusi lini? Kwao wameshajua? Mbona hujatuma picha ya pete? Na ile kazi yako mpya ya mbali itakuwaje? Nisipokaa mbele siku hiyo tutagombana!”

Ujumbe huo umechangamka, na ukisomwa kwa sauti unachekesha. Sasa jiweke nafasi ya Zuhura, usome tena polepole. “Harusi lini?” inadhani kuna tarehe, na huenda wawili hao bado hawajazungumza hata mwezi. Zuhura atajibu “bado hatujapanga,” kisha atalijibu hivyo tena kwa mtu wa pili, wa tatu, wa kumi, hadi jibu lenyewe lianze kumtia aibu, kana kwamba ameuchukua uchumba bila maandalizi. “Kwao wameshajua?” ni hatari zaidi. Kama wameshajua na wakafurahi, hakuna neno. Kama hawajaambiwa, umemkumbusha mzigo ambao kwa saa chache alikuwa ameuweka chini. Kama wameambiwa na wakanuna, umempa mambo mawili ya kuchagua: akudanganye, au akufungulie ugomvi wa familia siku ambayo alitaka kufurahi.

Picha ya pete nayo inadhani kuna pete. Wapo wanaokubaliana bila pete, kwa sababu hawaitaki, au kwa sababu pesa haijapatikana, na hilo la pili si jambo la kumweleza mtu kwa ujumbe wa simu. Swali la kazi ni shauku iliyovaa koti la wasiwasi: linamwambia Zuhura kwamba habari yake ya furaha imeshaonekana kuwa na tatizo, hata kabla haijapongezwa ikatosha. Mzaha wa kukaa mbele unaomba mwaliko. Anayeombwa mwaliko wa sherehe ambayo haijapangwa hana jibu salama. Akisema “bila shaka” amejifunga, akikaa kimya amekuudhi.

Na ile ya kukata tamaa, ambayo haina hata alama ya kuuliza, huenda ndiyo itakayobaki kichwani mwake kuliko zote. Inamwambia kwamba kumbe mlikuwa mkimhesabia miaka. Furaha yake imegeuzwa kuwa deni lililochelewa kulipwa.

Kinachofanya kazi hapo chini ni kanuni ya kawaida kabisa ya mazungumzo. Swali hudai jibu. Ukiulizwa na usijibu, ukimya wako unasomeka: ameficha, amekasirika, ana jambo. Ana kwa ana mtu anaweza kucheka, akageuza kichwa, akaanza habari nyingine, na swali likafa lenyewe. Kwenye maandishi swali halifi. Linabaki pale kwenye kioo cha simu, chini ya jina lako, na kila akifungua mazungumzo yenu analiona linamsubiri. Zidisha kwa idadi ya watu wanaompongeza, utaelewa kwa nini baadhi ya wachumba wapya huzima simu siku ya pili. Sentensi ya furaha haidai hivyo. Mtu akikwambia “nimefurahi hadi nimesimama,” unaweza kujibu kwa neno moja, kwa kichekesho, kwa moyo mwekundu wa emoji, au usijibu kabisa hadi kesho, na hakuna aliyekosewa.

Hapa kuna hoja dhidi yangu, nzito kiasi cha kustahili nafasi. Mwaka 2004 wanasaikolojia wakiongozwa na Shelly Gable walichapisha utafiti kuhusu namna watu wanavyopokea habari njema za wenzao. Waligawa mapokezi hayo katika mafungu manne. Kuna anayefurahi waziwazi na kujihusisha. Kuna anayefurahi kimyakimya, akaishia “vizuri”. Kuna anayeona matatizo ndani ya habari njema. Na kuna asiyejali. Fungu la kwanza peke yake ndilo lililoendana na uhusiano wenye afya, yaani ukaribu na kuridhika zaidi. Na katika maelezo ya fungu hilo, mojawapo ya dalili za anayejihusisha ni kwamba anauliza maswali mengi kuhusu jambo jema lenyewe.

Basi mimi ninayekataza maswali nimepinga utafiti? Sidhani. Soma tena: kuhusu jambo jema lenyewe. Zuhura alisema mambo gani? Kwamba ameombwa, amekubali, anatabasamu, na alitaka rafiki yake ajue mapema. Hakuna swali hata moja kati ya yale lililogusa lolote katika hayo manne. Yote yaliruka juu ya jana jioni yakatua kwenye tarehe, wazazi, pesa na kazi. Tena lile la kazi linaingia sawasawa kwenye fungu la tatu, la wanaoona matatizo, ingawa aliyeliuliza angeapa kwamba yumo kwenye la kwanza. Na utafiti ule uliangalia zaidi wapenzi na wanandoa, watu waliozoea kupokeana habari siku hadi siku, kila mmoja akimjua mwenzake vya kutosha kuona anapochoka. Ujumbe wa kwanza kwa rafiki uliyemwona mara ya mwisho miezi mingi iliyopita hauna msaada huo.

Kwa hiyo tunachopaswa kubaki nacho ni kujihusisha, tuondoe kuhoji. Na kujihusisha bila kuuliza kunawezekana, ila kunataka kazi kidogo. Unahitaji vitu vitatu, na vyote unavyo tayari: alichokwambia, ulichokiona kwa macho yako, na dua au heri inayomfaa yeye na si mtu mwingine.

Turudi kwa Zuhura, rafiki aandike upya:

“Mwenzangu! Nimesoma ujumbe wako mara mbili. Hongera sana, hongera tena! Nimekuona akilini umekaa unatabasamu peke yako, na mimi nikajikuta natabasamu. Nakumbuka siku ile ulipokuwa unatusimulia mambo ya mtihani wako, Hamisi akakusikiliza hadi mwisho, na watu walipotaka kukukatiza akawaambia wangoje. Nilimpenda kuanzia hapo. Nawaombea nyumba ya namna hiyo, ambayo kila mmoja anaachwa amalize anachosema. Asante kwa kuniambia mapema. Habari hii inabaki kwangu mpaka utakapoitoa mwenyewe. Siku ukitaka kusimulia, masikio yapo. Leo furahi tu.”

Tazama jinsi kila sehemu inavyofanya kazi yake. Tabasamu limetoka kwenye maneno ya Zuhura mwenyewe, kwa hiyo anajua amesomwa, hakupitiwa juujuu. Kisa cha mtihani kimetoka kwenye kumbukumbu ya rafiki, na hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kukiandika. Nacho hakimsifu Hamisi kwa jumla. “Ni mwanaume mzuri sana” ingekuwa sifa ya bure, ambayo mtu yeyote anaweza kuitoa kwa mtu yeyote. Kumsimamia mwenzako asikatizwe ni tendo lililoonekana. Heri imezaliwa na kisa hicho hicho, ndiyo maana haisikiki kama iliyonakiliwa kutoka kwenye kadi. Halafu kuna ile ahadi ya kutunza habari. Zuhura alisema amemwambia mapema. Mtu makini anaelewa kwamba kuna wengine hawajaambiwa. Hakuna haja ya kumuuliza “naruhusiwa kusema?” Unanyamaza tu, na unamwambia kwamba umenyamaza.

Sentensi ya mwisho kabla ya “leo furahi tu” ndiyo iliyochukua nafasi ya maswali yote manne. Inafungua mlango bila kumvuta mtu mkono. Akitaka kumwaga kila kitu ndani ya dakika ile, atamwaga. Asipotaka, hana deni.

Kama unataka kujua ujumbe wako ni wa kwake kweli au ni wa kila mtu, ondoa jina lake uweke la rafiki mwingine yeyote anayechumbiwa. Ukiona bado unakaa vizuri, hujamwandikia yeye. “Hongera sana, Mungu awabariki, mdumu milele” unakaa kwa kila mchumba aliyewahi kuwapo. Si ujumbe mbaya, na kwa mtu mnayefahamiana kwa mbali unatosha kabisa. Ukiutia chumvi kwa mtu wa mbali ndipo unapoanza kunuka unafiki. Lakini rafiki aliyekutafuta wewe kabla ya wengine anastahili sentensi moja isiyoweza kuhamishwa. Moja inatosha. Wapo wanaodhani hongera ya kutoka moyoni lazima iwe ndefu, wakaandika historia nzima ya urafiki, na katikati ya historia hiyo wakamtaja mpenzi wa zamani “aliyekuliza vile.” Hata kama ni kwa nia ya kusifu wa sasa, umemleta mtu ambaye hakualikwa. Kulinganisha, hata kwa upande wa kushinda, kunamwacha mchumba wa leo amesimama kwenye mizani.

Heri nazo zina mitego yake, na humu wengi wanaoepuka maswali hutumbukia. “Mungu awape watoto wazuri kama nyie” ni dua tamu kwa anayewataka na anayeweza kuwapata. Kwa ambaye ameshaambiwa na daktari jambo ambalo hujui, au ambaye wameamua na mwenzake vingine, ni swali lililofichwa ndani ya dua. “Natumaini sasa utatulia” inamhukumu kwamba alikuwa hajatulia. “Ndoa ni uvumilivu, ujiandae” ni onyo, na onyo halina nafasi kwenye hongera, hata likitoka kwa mtu aliyeishi kwenye ndoa miaka mingi. Dua iliyo salama ni ile inayokaa kwenye kitu ambacho wawili hao wameshakichagua: kuwa pamoja. Waombee kucheka pamoja, kusikilizana, kupumzika wakiwa pamoja, amani ndani ya nyumba. Kama rafiki yako ni mtu wa dini, iombe kwa lugha ya dini yake. Kama si mtu wa dini, kila la heri la moyoni linafika vilevile.

Sijagusa bado hali ngumu, na ziko mbili zinazostahili maneno zaidi.

Ya kwanza ni pale usipomjua mchumba. Hapo ndipo swali la “nani huyo?” linapowasha ulimi. Lakini usipomjua yeye, unamjua rafiki yako, na hongera ni ya rafiki yako. Andika ulichokiona kwake: “Sijabahatika kumjua mwenzako, ila nakujua wewe, na najua huwa huingii kwenye jambo usiloliamini. Nimefurahi kwa furaha yako, na nitafurahi kumjua wakati wowote utakaoona inafaa.” Umesema ukweli, umeacha mlango wazi, na hujamlazimisha akutolee wasifu wa mtu kama anaomba kazi.

Ya pili ni chungu zaidi: unamjua mchumba, na humpendi. Ushauri wa haraka ni kunyamaza, lakini ukimya kwa rafiki wa karibu husomeka kwa sauti kubwa kuliko maneno. Na kuandika “nimempenda sana huyu kaka” ukijua si kweli ni kujitega. Siku mambo yakiharibika atakukumbusha. Kuna njia katikati. Pongeza kilicho kweli. Kama kweli rafiki yako amefurahi, sema unaona furaha yake na unamtakia iendelee. “Nimeiona furaha yako hata kwenye maandishi. Nakutakia nyumba utakayokuwa huru na salama ndani yake, na mimi nipo upande wako siku zote.” Hakuna uongo hapo, na hakuna kijembe. Jihadhari tu na mikwaju midogo kama “natumaini umefikiri vizuri,” kwa sababu hiyo ni shaka uliyoivika nguo ya heri, na ataivua mara moja. Kama hofu yako ni ya jambo zito, kwa mfano umewahi kumwona rafiki yako akipigwa au kutishwa, hilo linahitaji mazungumzo ya faragha, ana kwa ana, siku nyingine. Usiliweke kwenye ujumbe wa hongera, na usidhani hongera imekufunga mdomo usiliseme baadaye.

Hali nyingine ni nyepesi. Ukisikia habari kwa mtu wa tatu, subiri rafiki akwambie mwenyewe. Ukimwahi kwa “mbona hukuniambia,” umegeuza hongera kuwa kesi. Ikiwa ametangaza mwenyewe mbele ya watu wote, kwenye stetasi au kwenye kundi la marafiki, mpongeze hapo kwa mstari mmoja usio na siri yoyote, kisha kile kisa chako cha mtihani umtumie pembeni. Kuna mambo ambayo mtu anafurahi uyakumbuke, ila hataki binamu zake wayasome. Na kama wewe mwenyewe umetoka kuachwa wiki hiyo hiyo, si lazima ujibu ndani ya dakika moja. Hongera inayokuja jioni ikiwa safi ni bora kuliko ya papo hapo yenye kijichozi kinachosema “wenzetu mna bahati.”

Umechelewa kabisa, labda habari ilikupita, au uliiona ukasema utaandika ukitulia kisha siku zikaenda? Andika. Maelezo ya kuchelewa yasizidi nusu sentensi, maana msamaha mrefu unamfanya yeye akubembeleze wewe katika furaha yake. Hongera iliyochelewa hata ina faida ambayo zile za siku ya kwanza hazina: kelele zimeshapungua, anasoma kwa utulivu, na mara nyingi ndiyo atakayoijibu kwa kirefu.

Na akijibu kwa kirefu, basi sheria yangu imekwisha kazi. Zuhura akirudi na kusema, “Yaani ungeona alivyokuwa anatetemeka, hata maneno aliyoyapanga yakampotea,” hapo ameufungua mlango mwenyewe na amekuonyesha chumba anachotaka muingie. Muulize kuhusu kutetemeka huko. Muulize alisema nini yalipompotea. Maswali hayo yanamrudisha jana jioni, mahali anapotamani kurudi, na atakusimulia hadi usiku. Tarehe ya harusi ataitaja mwenyewe atakapokuwa nayo.